L Iliyojificha Ndani ya Mnunuzi

Mpwa wangu yuko kidato cha nne. Jumapili moja alinijia na karatasi ya jaribio iliyokwisha kusahihishwa, uso umemshuka. Swali lilikuwa fupi: unda nomino kutokana na vitenzi vifuatavyo. Kwenye pika aliandika mpishi, akapata. Kwenye penda aliandika mpenzi, akapata. Kwenye nunua aliandika mnunui, na hapo kalamu nyekundu ikapita na kuacha neno moja pembeni: mnunuzi.

"Mjomba," akaniambia, "jibu nimelishika. Lakini hiyo z imetoka wapi? Kwenye nunua haimo."

Hilo ndilo swali ambalo vitabu vingi vya marudio hulipita. Huorodhesha mwamuzi, mzazi, mlezi na mnunuzi, kisha humwachia mwanafunzi akariri. Ile z ina asili yake, na anayeijua anaweza kuitafuta mwenyewe ndani ya chumba cha mtihani.

Nilianza na kitenzi anachokijua kila mtu, imba. Mzizi wake ni -imb-. Ukiweka m- mbele na -aji nyuma unapata mwimbaji, mtu anayeimba. M- imekuwa mw- kwa sababu imekutana na irabu. Ukibadilisha m- kwa u- unapata uimbaji, yaani kitendo chenyewe au namna ya kukitenda. Ukiacha -aji na kutia -o unapata wimbo, kile kinachotokana na kuimba. Kwa hiyo maneno haya matatu yanajibu maswali matatu: nani, kitendo gani, na kimetoka nini. Wimbo uko katika ngeli ya U-ZI, na wingi wake ni nyimbo. Wengi husema "nyimbo hii" redioni na mitaani, lakini kwenye mtihani ni "wimbo huu" na "nyimbo hizi".

Kujua maswali hayo matatu kunasaidia zaidi pale mtahini anapotoa sentensi nzima. Katika karatasi ya pili ya KCSE, sehemu ya matumizi ya lugha yenye alama 40, mtahiniwa anaweza kupewa sentensi aiandike upya kwa kutumia nomino inayotokana na kitenzi kilichopigiwa mstari. Tuseme amepewa hii: "Juma aliimba vizuri hata majirani wakashangaa." Akiandika "Wimbo wa Juma uliwashangaza majirani", nomino ni sahihi ila maana imehama, kwa sababu sasa kinachoshangaza ni utungo, ambao huenda hata si mzuri. Sentensi ya kwanza ilisifu namna Juma alivyoimba. Jibu linaloihifadhi maana hiyo ni "Uimbaji mzuri wa Juma uliwashangaza majirani."

Turudi kwa mnunuzi. Mbali na -aji na -o, kuna kiishio -i, nacho hakikai kimya kinapokutana na konsonanti ya mwisho ya mzizi. K hugeuka sh: pika hutoa mpishi, andika hutoa mwandishi. D mara nyingi hugeuka z: penda hutoa mpenzi, linda hutoa mlinzi. T hugeuka s, ndiyo maana anayefuata ni mfuasi. B hugeuka v, na anayegomba ni mgomvi. Wapo wanaokataa kubadilika, kama mshindi kutoka shinda, lakini mkondo wenyewe ni huo.

Mpwa wangu alikuwa ameufuata mkondo huo vizuri kabisa. Alitazama nunua, akaona inaisha kwa irabu mbili, hakuna konsonanti ya kubadilisha, basi akatia -i na kupata mnunui. Hakujua kwamba konsonanti ipo, ila imejificha.

Nikamwambia, "Nikiwa nimemnunua mbuzi kwa ajili yako, utasemaje?"

"Umeninunulia mbuzi."

"Hiyo l imetoka wapi?"

Akanyamaza, akatabasamu.

Zamani vitenzi vya aina hii vilikuwa na l kabla ya irabu ya mwisho. Kiswahili kiliidondosha l hiyo ilipokuwa kati ya irabu mbili, lakini baadhi ya lugha ndugu za Kibantu bado zinayo. Waganda, kwa mfano, kuzaa kwao ni okuzaala. Kwetu imebaki mahali pachache, na pa wazi zaidi ni katika kauli ya kutendea: nunua, nunulia, zaa, zalia, lea, lelea, amua, amulia. L hiyo ikikutana na kiishio -i, hugeuka z, kama ilivyogeuka d ya penda. Ndipo tunapopata mnunuzi, mzazi, mlezi na mwamuzi.

Basi kanuni ya chumba cha mtihani ni hii: kitenzi kikiisha kwa irabu mbili, kitie kwanza katika kauli ya kutendea. L ikijitokeza, jaribu -zi.

Tulijaribu tumia. Kauli ya kutendea ni tumilia, kwa hiyo l ipo, na nomino ni matumizi. Hapa kuna mtego mwingine, kwa sababu kitenzi hiki kina ndugu wanaofanana naye. Mtumishi hatoki kwenye tumia. Anatoka kwenye tumika, na ndiyo maana ana sh, kwani k imebadilika kama ilivyobadilika ya pika. Mtumwa anatoka kwenye tumwa. Mtume anatoka kwenye tuma. Mtahini akikupa tumia nawe ukaandika utumishi, umetoa neno zuri la kitenzi kingine. Sh itakuonyesha kuwa mzizi wake una k, na tumia haina.

Kanuni hii ina mipaka. Inakuonyesha umbo, haikuthibitishii kwamba wasemaji wanalitumia neno hilo. Ondoa hutoa ondolea, l ipo, lakini watu hawasemi mwondozi, husema uondoaji. Potea hutoa potelea, lakini mtu wake ni mpotevu, kwa sababu kiishio -vu ndicho kinachobeba hali na tabia, kama katika mtulivu na mvumilivu. Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu vina njia zao pia: anayesafiri ni msafiri bila kuongezwa kiishio chochote, na tendo lake ni safari.

Mara nyingine maumbo mawili yanaishi pamoja, kila moja na kazi yake. Kimbia hutoa kimbilia, kwa hiyo tuna mkimbizi. Lakini pia tuna mkimbiaji. Eliud Kipchoge ni mkimbiaji. Aliyekimbia vita kwao akapokewa Kakuma ni mkimbizi. Mzizi ni uleule, lakini ukivibadilishana viishio hivyo katika sentensi, umemgeuza mwanariadha kuwa mtu asiye na makao. Kwa hiyo, baada ya kuunda neno, litie katika sentensi fupi ulisikilize kabla ya kuliandika kwenye karatasi.

Kabla hajaondoka nilimpa vitenzi vinne: tembea, kaa, chagua, toa. Alinong'ona tembelea, akaandika matembezi. Akanong'ona kalia, akaandika mkazi na makazi. Chagulia ikampa uchaguzi. Alipofika toa alinong'ona tolea, kalamu ikakaribia kuandika mtozi, kisha akaisimamisha.

"Mtozi ni wa ushuru," akasema. "Huyo anatoka kwenye toza."

Akaandika mtoaji.