Bili ya Hosi Imekulemea? Hivi Ndivyo Familia Hupunguziwa na Kupewa Muda wa Kulipa

Keshia wa hospitali hana uwezo wa kukupunguzia hata soo moja. Kazi yake ni kusoma kile kompyuta imesema na kukupea risiti. Kwa hivyo ukimlilia hapo dirishani, unammalizia muda na wewe unajimalizia nguvu. Mwenye uwezo anakaa ofisi ingine, na kabla umwone kuna vitu lazima ubebe.

Tuchukue mfano. Broo amegongwa na nduthi usiku wa Jumatatu, mguu umevunjika, na wasamaria wakamkimbiza hosi ya kibinafsi iliyokuwa karibu. Amewekwa chuma kwa mguu. Jumamosi asubuhi daktari anasaini aende home, halafu familia inaambiwa bili ni 286,000. Mathe anauza mitumba, siz yake ameajiriwa duka la dawa. Hiyo doh hakuna.

Kitu ya kwanza, usibebe karatasi yenye jumla peke yake. Itisha bili yenye kila kitu kimeandikwa kivyake, na tarehe zake. Hiyo ni haki yako kama mtu anayelipa. Kwa mfano wetu ilikuwa hivi: kitanda siku 6 kwa 6,500, yaani 39,000. Thieta 70,000. Chuma na skrubu zake 58,000. Daktari wa upasuaji 60,000 na wa nusukaputi 20,000. Dawa 24,000. Eksrei na vipimo vya maabara 15,000.

Sasa keti chini na mtu aliyekuwa akimtembelea mgonjwa kila siku, mpitie mstari kwa mstari. Makosa mengi huwa sehemu mbili: kitanda na dawa. Hapa broo amelala usiku 5, Jumatatu hadi Ijumaa. Siku ya 6 imeingia kwa sababu daktari alisaini Jumamosi asubuhi lakini faili ikazubaa kwa ofisi ya bili hadi jioni. Hiyo si deni lenu, inatoka 6,500. Kwa dawa kuna sindano za 4,500 ambazo zililetwa wodini, lakini daktari akabadilisha akampa tembe. Sindano zilirudi famasi, bili haikurudi. Muulize nesi wa wodi akuonyeshe karatasi ya matibabu, ndiyo inaonyesha dawa gani ilidungwa na saa ngapi. Bili sasa ni 275,000, na hamjaomba mtu huruma bado.

Ya pili ni SHA, ile iliingia Oktoba 2024 kuchukua nafasi ya NHIF. Piga *147# uone kama mgonjwa amesajiliwa na kama malipo yake yako sawa. Kwa wale hawana peislipu, mchango hulipwa wa mwaka mzima, na wa chini kabisa ni 300 kwa mwezi. Shida ni kwamba upasuaji huhitaji kibali cha SHA kabla mtu aingie thieta, kwa hivyo hii kitu inaulizwa siku ya kulazwa, si siku ya kutoka. Kwa mfano wetu siz aliuliza mapema, na SHA ikabeba 45,000. Imebaki 230,000.

Ya tatu, tenganisha pesa ya hospitali na pesa ya daktari. Hosi nyingi za kibinafsi, daktari wa upasuaji si mwajiriwa. Bili yake inapitia kwa hosi lakini ni yake. Meneja hawezi kuipunguza, lakini daktari mwenyewe anaweza. Mngoje akija kuona wagonjwa wake, mwongeleshe kwa heshima, mwambie hali ilivyo. Akikubali, mwombe aandike na asaini, kwa sababu maneno ya mdomo hayaingii kwa kompyuta. Tuseme ametoa 15,000. Mko 215,000.

Sasa ndio unaenda kwa ofisi ya mikopo, wanaiita kredit kontrol. Peleka mtu mmoja au wawili wenye akili imetulia, si ukoo mzima. Mchezo wa hapa ni huu: huyu afisa anataka kujua atapata pesa ngapi leo, na nani atalipa ile ingine. Ukienda ukisema tu "hatuna," hana kitu ya kupelekea bosi wake. Ukienda na mchango wa 80,000 tayari kwa simu, mazungumzo yanabadilika. Omba diskaunti kwanza, halafu ndio utaje malipo ya leo. Ukitoa zote mapema, huna kitu ya kujadiliana nayo. Wakitoa 15,000 kwa sababu mnalipa kiasi kikubwa papo hapo, deni ni 200,000. Toa 80, inabaki 120,000.

Hapo watakwambia mmalize kwa miezi 6, yaani ngiri 20 kila mwezi. Usikubali ndio tu mtoke. Mathe anaweza kutoa ngiri 4, siz ngiri 6. Hiyo ni ngiri 10, basi itisha miezi 12. Ukiahidi 20 na mwezi wa pili ulipe 8, mpango umevunjika na wanaweza kudai deni lote kwa mpigo.

Kabla usaini, soma. Angalia jumla ya deni, tarehe ya kila mwezi, na kama kuna riba ukichelewa. Wengi watataka mdhamini mwenye peislipu, au logbuku, au hatimiliki ya shamba. Mdhamini ndiye afadhali. Hatimiliki ya babu ikienda, kuirudisha ni safari. Na usiandike hundi za tarehe za mbele kama hujui pesa itakuwepo benki. Hundi ikiruka, Kenya hiyo inaweza kuwa kesi ya jinai, na deni la kawaida limegeuka stori ya polisi. Kila ukilipa, tumia namba ya mgonjwa na uweke risiti.

Kama uko hosi ya serikali, njia ni tofauti. Huko unatafuta afisa wa ustawi wa jamii, na kitu unaomba ni weiva. Atakuuliza kazi, watoto, nyumba, na mara nyingi ataitisha barua ya chifu. Halafu kamati ndiyo huamua, na inaweza kuchukua siku kadhaa. Ndio maana unaenda kumwona mgonjwa akiwa bado wodini, si siku ya kutoka.

Na wakikataa kabisa, wafunge mgonjwa? Septemba 2015, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa hospitali ya Pumwani juu ya bili, akasema kuwazuilia kulivunja haki zao. Taja hiyo kesi kwa upole, na uombe waandike kwa barua kwa nini wanamzuilia mgonjwa. Uliza pia kama kitanda bado kinahesabiwa, na uandike tarehe ambayo daktari alisaini.

Lakini usijidanganye: huo uamuzi unamtoa mtu, haufuti deni. Hosi bado inaweza kuwapeleka Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiza madeni yasiyozidi milioni 1. Kwa hivyo ule mpango wa ngiri 10 kwa mwezi, chukueni ule mnaweza kuubeba hadi mwezi wa 12.