Simu Inasikika, Muziki Hausikiki: Bluetooth ya Redio za Magari Kutoka Japani

Malalamiko haya utayasikia kwa dereva wa teksi na kwa mtu aliyetoa gari lake la kwanza bandarini mwezi jana. Akipigiwa simu, sauti inatoka kwenye spika za gari na mazungumzo yanakwenda vizuri. Akiweka wimbo, unalia ndani ya simu palepale ilipo na redio imekaa kimya. Wengi huamua kwamba simu ni mbovu, au redio imekufa nusu, na safari ya kwenda kwa fundi inaanza. Mara nyingi hakuna kilichokufa.

Jambo la kujua kwanza ni kwamba Bluetooth inabeba kazi mbalimbali, na kila kazi ina utaratibu wake. Mazungumzo ya simu ni kazi moja, muziki ni kazi nyingine. Mazungumzo yanahitaji sauti iende na kurudi kwa wakati mmoja, kwa hiyo njia yake ni nyembamba: kwa mtindo wa zamani, sauti inapimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kwa mtindo mpya zaidi mara 16,000. Kiwango hicho kinatosha kumtambua mama yako akikuita, lakini hakitoshi kwa muziki. Muziki unakwenda upande mmoja tu, kutoka kwenye simu hadi kwenye redio, na kwa kawaida unapimwa mara 44,100 kwa sekunde. Aliyetengeneza redio alikuwa na hiari ya kuweka njia zote mbili au moja peke yake. Baadhi ya redio za zamani zilizokuja na magari ya Japani ziliwekewa ya simu tu.

Ndiyo sababu pia muziki unakatika simu ikiingia. Redio inaiacha njia ya muziki na kuhamia ile ya mazungumzo, kisha inarudi mkikata. Na kama kuna siku wimbo umetoka garini kwa sauti ya puani, kama wa redio ya jirani inayosikika ukutani, basi umepitishwa kwenye njia ya simu.

Utajuaje redio yako ni ya aina gani? Usianze na redio, anza na simu. Kwenye simu nyingi za Android, fungua orodha ya vifaa vya Bluetooth na uguse alama ya gia iliyo pembeni mwa jina la gari. Utaona vitufe vya kuwasha na kuzima, kimoja kimeandikwa Phone calls na kingine Media audio. Simu nyingine zinaandika Calls na Audio. Kama Media audio ipo lakini imezimwa, iwashe, na huenda shida yako imekwisha hapo. Kama haipo kabisa, maana yake redio ilipojitambulisha kwa simu haikusema kwamba inaweza kupokea muziki. Simu inaonyesha kile ilichoambiwa tu.

Usikate tamaa bado, kwa sababu kuna mtego hapo katikati. Katika baadhi ya redio za Kijapani zenye ramani, kusajili simu kwa ajili ya kupiga na kuisajili kwa ajili ya muziki ni shughuli mbili tofauti, kila moja na ukurasa wake. Aliyekusaidia kuunganisha siku ya kwanza huenda alipita upande wa simu, akaona jina limetokea, akaishia hapo.

Tuchukue gari dogo la Toyota lililotumika Japani, redio yake ya skrini bado imeandikwa Kijapani. Simamisha gari na uvute breki ya mkono. Hili si la usalama peke yake: redio nyingi za aina hii zinafunga kurasa za kusajili kama breki haijavutwa, na watu huhangaika na kitufe kilichofifia bila kujua sababu. Kisha tafuta maneno machache ambayo unaweza kuyalinganisha kwa macho bila kujua Kijapani. 設定 ni mipangilio. 電話 ni simu. 登録 ni kusajili. 削除 ni kufuta. Ingia kwenye mipangilio, nenda kwenye simu au Bluetooth, gusa kusajili. Redio itaanza kusubiri, na skrini itaonyesha jina lake pamoja na tarakimu za siri, mara nyingi 0000 au 1234. Kwenye simu, washa Bluetooth na ubaki kwenye ukurasa huohuo, maana simu nyingi zinaonekana na vifaa vingine pale tu ukurasa huo ukiwa wazi. Jina la redio likitokea liguse, andika tarakimu ulizoonyeshwa, na simu ikiuliza kama iipe redio orodha ya majina yako, fikiri kwanza. Tutalirudia hilo.

Redio ikikataa kusajili, angalia kama nafasi zimejaa. Hizi redio zinakumbuka simu chache tu, na gari lililotumika linaweza kuja likiwa bado na simu za mwenye gari wa Japani. Zifute kwa 削除. Kama uliwahi kuunganisha ukashindwa katikati, futa pande zote mbili: kwenye redio, na kwenye simu kwa kugusa Forget, au Forget This Device kwa wenye iPhone. Ukifuta upande mmoja tu, upande wa pili unabaki na ufunguo wa zamani, na vitaendelea kukataana kila mnapojaribu.

Sasa upande wa muziki. Bonyeza kitufe cha AUDIO au MODE na upitie vyanzo vya sauti kimoja kimoja: FM, AM, CD, SD, TV. Ukikuta BT Audio au neno lolote lenye Bluetooth ndani yake, redio yako inaweza kucheza muziki. Chagua chanzo hicho, na kama inataka usajili mpya, rudia hatua zilezile ukiwa ndani ya ukurasa huo. Usipokikuta, na kwenye simu Media audio haipo, huo ndio uamuzi: redio ni ya simu tu, na hakuna fundi atakayeibadilisha kwa kubonyeza.

Hapo utasikia ushauri wa kuchomoa waya wa betri ili redio ianze upya. Mimi siuungi mkono. Baadhi ya redio za Kijapani zikikosa umeme hujifunga na kudai namba ya siri, na nyingine zinadai kadi ya SD ya ramani ambayo huenda ilishachomolewa kabla gari halijapanda meli. Ulikuwa na redio isiyocheza muziki, sasa unabaki na skrini isiyofanya lolote.

Suluhisho ninalolipendelea ni kifaa kidogo cha kupokea Bluetooth kinachochomekwa kwenye tundu la AUX. Kina plagi ya milimita 3.5, umeme wake unatoka USB, na bei yake haikaribii ya redio mpya. Utamu wake ni kwamba hulazimiki kuacha Bluetooth ya gari. Simu ya Android inaweza kuunganishwa na vyote viwili kwa pamoja: jina la redio unaliachia Phone calls, kifaa kidogo unakiachia Media audio na kukizimia Phone calls. Redio inakaa kwenye AUX ikicheza muziki. Simu ikiingia inahamia kwenye mazungumzo yenyewe, mkikata inarudi AUX. Kama huoni tundu la AUX, muulize fundi umeme wa magari aangalie nyuma ya redio, kwani nyingine zina njia ya kuingizia sauti ambayo waya wake haukuwahi kutolewa mbele.

Kifaa hiki kina kero yake moja. Ukikichomeka kwenye chaja ya gari na papo hapo kwenye AUX, unaweza kusikia mlio mwembamba kwenye spika, unaopanda kadiri unavyokanyaga mafuta. Hiyo ni kelele ya altaneta, inayoingia kwa sababu kifaa na redio vimeshika ardhi ya umeme mahali pawili tofauti. Jaribu kuchomoa chaja kifaa kikiwa kinatumia betri yake cha ndani. Mlio ukipotea, umepata jibu: tumia chenye betri, au weka kichujio kidogo cha kutenganisha ardhi kati ya kifaa na AUX.

Wengi hukimbilia kile kirusha sauti cha FM kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Kinafanya kazi, ila kwenye redio ya Kijapani kina mpaka wake. FM ya Japani ilijengwa kati ya megahezi 76 na 90, na redio mpya zaidi zinafika 95. Virushaji vingi vinaanza 87.5 na kwenda hadi 108. Ukiweka chako kwenye 100, redio ile haifiki huko. Eneo mnalokutana ni dogo, na mjini limejaa vituo vya redio, hivyo unaweza kusikia taarabu yako mtaa mmoja na matangazo ya mpira mtaa unaofuata.

Kuhusu mazungumzo, lawama kubwa ni kwamba wa upande wa pili anasikia sauti yake mwenyewe ikimrudia. Sauti yake inatoka kwenye spika za gari na kuingia kwenye maiki yako. Punguza sauti ukiwa ndani ya maongezi, kwa kuwa redio nyingi hutunza kiwango cha sauti ya simu mbali na cha muziki. Kama ulifungiwa redio mpya ya skrini na watu wanasema unasikika kwa mbali, muulize fundi maiki ya nje iko wapi. Redio nyingi huja na maiki yenye waya mrefu ya kubandika karibu na kioo cha mbele, na nyingi zinabaki ndani ya boksi kwa sababu redio ina kitundu cha MIC usoni na fundi ana haraka. Kitundu hicho kinatazama kifua chako, mbali na mdomo, mara nyingi jirani na matundu ya kiyoyozi.

Kuhusu orodha ya majina: ukikubali, redio inaweza kunakili namba zako na kumbukumbu za simu ulizopiga, na ziko nyingi zinazozitunza hata simu ikiwa mbali. Kwenye gari lako mwenyewe hilo ni jambo la kawaida. Kwenye gari la kukodi, la kazini au la kuazima, kataa kutoa orodha ya majina unapounganisha, au zima Contact sharing mara tu ukishaunganisha. Na siku ukiuza gari, kabla ya kukabidhi funguo ingia kwenye 登録, futa simu yako na za familia yako, na uhakikishe kitabu cha majina ndani ya redio kimebaki kitupu.