Kutoka Daftari la Darasani hadi Fomu ya Wodini

Mhadhara wa mpango wa uuguzi huchukua saa mbili, na mwanafunzi hutoka na kurasa sita za maandishi. Wodini anahitaji ukurasa mmoja. Chora safu tano: yaliyoonekana kwa mgonjwa, tatizo la kiuguzi, lengo, hatua na sababu zake, kisha matokeo. Nakala moja iache tupu, nyingine ijaze.

Tumchukue mzee mwenye nimonia. Safu ya kwanza: anapumua mara 30 kwa dakika, oksijeni asilimia 89, makohozi mazito hayatoki. Ya pili ndiyo inayowaponza wengi, kwani huandika “nimonia”. Hilo ni jina la ugonjwa, kazi ya daktari. Muuguzi aandike: “Njia ya hewa haisafiki, kwa sababu ya makohozi mazito, kama inavyoonekana kwa kikohozi kisichotoa kitu.”

Lengo liwe la kupimika: ndani ya saa 24 atoe makohozi mwenyewe na apumue chini ya mara 24 kwa dakika. “Atapata nafuu” si lengo. Hatua: kumkalisha nusu wima ili mapafu yatanuke, kumsaidia kuvuta pumzi ndefu na kukohoa kila baada ya saa 2, na kumnywesha maji ili makohozi yalainike, isipokuwa moyo au figo zina hitilafu.

Kesho yake hesabu pumzi tena. Zikiwa bado 28, andika 28, kisha ubadilishe hatua.