Kwa Nini Maziwa ya Pakiti Hayapandishi Malai

Maziwa mabichi ya ng'ombe yakiachwa yatulie kwenye sufuria hupandisha malai baada ya saa chache. Mafuta yake hayakuyeyuka ndani ya maji, bali yamesambaa kama vitone vidogo mno. Vitone vingi vina upana wa maikromita 3 au 4, na maikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Kila kitone kimevikwa ngozi nyembamba inayokizuia kuungana na vingine. Kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji, vitone huelea kwenda juu. Maziwa yakiwa baridi, protini fulani huvinatisha pamoja viwe vishada, na kishada hupanda haraka kuliko kitone kimoja.

Mfaransa Auguste Gaulin ndiye aliyepata hataza ya mashine ya kuzuia jambo hilo, mwaka 1899. Mashine za aina hiyo husukuma maziwa yenye joto la nyuzi 60 hadi 70 yapenye ufa mwembamba sana, kwa shinikizo linalokaribia mara 200 ya lile la hewa. Joto ni la lazima: mafuta yaliyoganda hayapasuki vizuri. Kazi hii huitwa homojenaizesheni.

Kitone cha maikromita 4 kikipasuliwa kuwa vya nusu maikromita, huzaa vitone 512. Kasi ya kupanda hufuata mraba wa upana, kwa hiyo kila kimoja hupanda polepole mara 64 kuliko mzazi wake. Jumla ya eneo la nje la mafuta nayo huongezeka mara 8, na ngozi ya zamani haitoshi tena kulifunika. Pengo hilo huzibwa na kaseini, protini kuu ya maziwa. Kaseini ni nzito kuliko maji, hivyo hukiongezea kitone uzito. Ile protini ya kunatisha nayo hupoteza nguvu yake. Ni mambo hayo kwa pamoja, wala si udogo wa vitone peke yake, yanayozuia malai.

Krimu nzito haifanyiwi hivyo kwa urahisi, kwani mafuta ni mengi na kaseini haitoshi. Vitone huishia kugawana kaseini moja na kushikamana. Hata katika maziwa ya kawaida, mashine nyingi huwa na ufa wa pili wenye shinikizo dogo, wa kutawanya vishada vipya.

Ngozi ya asili ikishapasuka, kimeng'enya cha lipesi huyafikia mafuta kwa urahisi. Maziwa mabichi yaliyopitishwa mashineni huchacha ladha upesi, ndiyo maana viwanda huyapasha moto wa kuua vijidudu papo hapo.

Utando unaotanda juu ya maziwa yanapochemshwa ni jambo jingine: hutokana hasa na protini, na maziwa ya pakiti huwa nao vilevile. Anayetaka kusukasuka siagi, basi, atafute maziwa ambayo hayajapita mashineni.