Dakika za Kusubiri Usaili

Mtu anayesubiri kuitwa kwenye usaili, au kupanda jukwaani kuwasilisha mada, mwili wake hutenda kana kwamba uko hatarini. Adrenalini huingia kwenye damu, moyo hudunda haraka, viganja hutoa jasho na pumzi huwa fupi. Muziki hauna njia ya kuuamuru moyo utulie, lakini huweza kuvuta mwendo wa pumzi, na pumzi ikipungua kasi mapigo ya moyo nayo hushuka. Ndiyo maana anayetafuta muziki wa kumtuliza hana budi kuangalia mwendo wake kabla ya jina la mwimbaji. Muziki wa mapigo 60 hadi 80 kwa dakika unakaribia mapigo ya moyo uliopumzika. Singeli, ambayo mara nyingi huvuka mapigo 200, huchangamsha mwili ambao tayari umechangamka kupita kiasi.

Nchini Australia, watafiti Wendy Knight na Nikki Rickard walichapisha mwaka 2001 matokeo ya jaribio linalogusa jambo hili hasa. Wanafunzi 87 wa chuo kikuu waliambiwa wajiandae kuzungumza mbele ya watu. Waliojiandaa bila muziki walipandwa na wasiwasi, mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Waliojiandaa huku wakisikia Kanoni ya Pachelbel, muziki wa ala usio na maneno, hawakupanda hivyo.

Hata hivyo, muziki una mpaka wake. Huko Zurich, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwapitisha wanawake 60 kwenye usaili wa kuigiza: mtu anajieleza mbele ya jopo lisiloonyesha tabasamu, kisha anafanya hesabu za kutoa kwa sauti. Kabla ya hapo, kundi moja lilisikiliza kwaya, la pili sauti ya maji yanayotiririka, na la tatu lilipumzika tu. Kotisoli, homoni ya msongo, haikuwa chini kwa waliosikiliza muziki. Waliosikia maji ndio waliokuwa na kiwango cha chini zaidi. Faida ya muziki ilionekana baadaye, pale miili ya waliousikiliza iliporudi katika hali ya kawaida mapema zaidi. Kwa maneno mengine, anayetegemea wimbo umwondolee hofu yote mbele ya jopo ameutwisha mzigo usio wake.

Tuseme mwombaji wa kazi ya uhasibu ana usaili saa 3:00 asubuhi, naye amefika saa 2:20. Anaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, anahesabu mapigo kwa sekunde 15 na kupata 24, yaani 96 kwa dakika. Akianza papo hapo na muziki wa polepole mno, huenda ukamkera, kwa kuwa uko mbali na hali yake. Wataalamu wa tiba ya muziki wana kanuni ya zamani: anza pale mtu alipo, kisha mshushe kidogo kidogo. Basi anaanza na wimbo wa mapigo kama 90, anafuatisha wa 75, kisha wa 60. Katika huu wa mwisho anavuta pumzi kwa mapigo manne na kuitoa kwa mapigo sita, hivyo anapumua mara sita tu kwa dakika.

Nyimbo zenye maneno hazimfai wakati huo ikiwa anapitia majibu yake moyoni, kwa sababu maneno ya wimbo na ya majibu hugombania nafasi ileile akilini. Bashrafu ya taarabu asilia, inayopigwa kwa ala peke yake, humwacha huru. Wimbo uliowahi kupigwa msibani, hata uwe mtamu kiasi gani, ni wa kuepukwa.

Zinapobaki dakika kama kumi, anazima muziki na kukaa kimya. Kimya hicho kina kazi yake. Utafiti wa Luciano Bernardi na wenzake wa mwaka 2006 uliweka vituo vya dakika mbili kati ya vipande vya muziki, na ni katika vituo hivyo ndipo mapigo ya moyo na shinikizo la damu vilishuka hata chini ya vilivyokuwa kabla ya muziki kuanza.

Mengi huharibika kwa mambo madogo. Nyimbo zisizohifadhiwa kwenye simu hukatizwa na tangazo la biashara lenye kelele, na utulivu wote hupotea. Sauti kubwa kwenye spika za masikioni humfanya mtu asisikie jina lake likiitwa. Kuna pia kutulia kupita kiasi: anayeanza kupiga miayo amalizie na wimbo wa mapigo 80 hivi, hasa kama anakwenda kuwasilisha mada inayohitaji sauti yenye nguvu.

Wimbo hujaribiwa nyumbani, siku kadhaa kabla. Msikilizaji hupanda ngazi mpaka apumue haraka, hukaa, huhesabu mapigo, kisha husikiliza kwa dakika tano na kuhesabu tena. Siku ya pili hupanda ngazi zilezile na kukaa dakika tano bila muziki. Kama mapigo yameshuka sawasawa siku zote mbili, kilichomtuliza ni kukaa, na wimbo mwingine unahitajika.