Kadi Iliyosimama: Nafasi ya Kioo na Kasi ya Kebo

Katika kasha la kawaida la kompyuta, kadi ya grafiki huchomekwa moja kwa moja kwenye sloti ya ubao mama na kulala, feni zake zikitazama chini. Anayechungulia kupitia ubavu wa kioo huona ukingo wa kadi tu. Wapenzi wengi wa gemu huamua kuisimamisha ili feni zielekee kioo na kadi ionekane yote. Kadi kubwa za siku hizi, nyingine zikizidi kilo 2, zina sababu ya pili: zikilala huning'inia upande mmoja na kuivuta sloti, lakini zikisimama uzito wote hubebwa na mabano yaliyofungwa kwa skrubu kwenye kasha.

Kadi iliyosimama haiwezi kuifikia sloti yenyewe, kwa hiyo huunganishwa kwa raiza. Hii ni kebo bapa, mara nyingi ya sentimita 15 hadi 25. Upande mmoja ina kichwa kinachoingia kwenye ubao mama, na upande wa pili ina sloti inayopokea kadi. Wanaotaka kujaribu mpangilio huu huwa na hofu mbili, kwamba kadi itapata joto na kwamba kebo itapunguza kasi. Hofu zote mbili zina msingi, ila chanzo cha tatizo mara nyingi si kile kinachodhaniwa.

Tuanze na joto. Kusimama kwenyewe hakuipi kadi joto la kuhangaisha. Kinachoitesa ni umbali kati ya feni zake na kioo. Feni ya mezani ukiisogeza mpaka mgongo wake ukaribie kugusa ukuta, itazunguka vilevile na kupiga kelele vilevile, lakini upepo utapungua kwa sababu hewa haina njia ya kuifikia. Kadi iliyobanwa kwenye kioo inapatwa na jambo hilohilo, na zaidi ya hapo, sehemu ya hewa moto inayotoka kwenye mapezi yake hunaswa kwenye ule mwanya mwembamba na kuvutwa ndani tena.

Sasa tazama vipimo. Sloti za nyuma ya kasha zimepangwa kwa hatua ya milimita 20.32, kwa hiyo kadi inayoitwa ya sloti tatu ina unene wa takribani sentimita 6. Makasha mengi huja na nafasi mbili au tatu za kusimamishia kadi zilizokwisha kukatwa karibu kabisa na ubavu wa kioo. Zilitosha zama za kadi nyembamba. Ukiweka hapo kadi ya sentimita 6, unaweza kubakiwa na sentimita moja na nusu tu ya hewa. Mabano yanayouzwa peke yake huisogeza kadi ndani, karibu na ubao mama, na yanaweza kuacha sentimita 4 au 5. Kwa mwanya huo kadi nyingi hufanya kazi kwa joto linalokaribia lile la kulala. Kabla ya kununua chochote, chukua rula upime kutoka mahali mabano yatakapokaa hadi kwenye kioo, kisha toa unene wa kadi. Kipimo hicho kina thamani kuliko picha zote za tangazo. Pima pia upande wa ndani, maana kadi iliyosogezwa kwenye ubao mama inaweza kugonga kipozeo kirefu cha prosesa.

Kuthibitisha kwamba kioo ndicho mkosaji ni rahisi, ila kuna mtego mmoja. Ukiacha feni zijiendeshe zenyewe, kadi itaficha shida yake: feni zitaongeza mzunguko, nyuzijoto zitapanda mbili tatu tu, nawe utasema mambo ni mazuri huku kelele imezidi. Zifunge kwenye kasi moja, tuseme asilimia 60. Endesha gemu ileile au jaribio lilelile kwa nusu saa, andika joto la kadi, kisha toa joto la chumba. Tofauti hiyo ndiyo ya kulinganisha, kwa sababu chumba cha Mombasa saa nane mchana si kilekile cha usiku wa manane.

Tuseme chumba kina nyuzijoto 30, na kadi ilipolala ilisoma 72. Imezidi chumba kwa 42. Umeisimamisha sentimita moja na nusu kutoka kwenye kioo, ikasoma 81, yaani imezidi kwa 51. Usikimbilie kuirudisha. Ondoa kioo, acha kila kitu kilivyo, na ujaribu tena. Ikisoma 73, basi nyuzijoto 8 kati ya zile 9 zilizoongezeka ni za kioo, na tiba ni mabano ya kuisogeza kadi ndani. Kama ingebaki 80 hata bila kioo, ungepaswa kuchunguza kwingine: huenda kadi imeziba njia ya feni za kasha, au kebo yenyewe imejikunja mbele ya feni. Makasha yenye feni sakafuni, kama Lian Li O11 Dynamic, huwa na nafuu hapa, kwani hewa baridi hupanda kutoka chini na kupita moja kwa moja katika ule mwanya.

Hofu ya pili ni ya kasi, na hapa ndipo watu wanapotea zaidi. Wengi huamini kwamba kebo huipunguzia kadi kasi kidogokidogo kadiri inavyorefuka. Sivyo. Ishara hupita sentimita 20 za waya katika muda wa takribani nanosekunde moja, na hakuna gemu litakaloliona hilo. Kasi ya kiungo hiki, kinachoitwa PCIe, huenda kwa ngazi. Kizazi cha 3 hupitisha biti bilioni 8 kwa sekunde katika kila njia, kizazi cha 4 bilioni 16, na kizazi cha 5 bilioni 32. Kompyuta inapowashwa, kadi na ubao mama huanza kuzungumza kwa kasi ya chini kabisa, bilioni 2.5, kisha hupanda pamoja hadi ngazi ya juu ambayo wote wawili wanaimudu.

Tatizo ni kwamba katika maelewano hayo kebo haina sauti. Kadi itasema naweza kizazi cha 4, ubao mama utasema nami naweza, na hakuna atakayeiuliza kebo iliyo katikati. Kadiri biti zinavyoharakishwa ndivyo waya na viungio vinavyoimeza ishara, hivyo kebo iliyofaa kabisa kwa kizazi cha 3 inaweza kushindwa mara kasi inapozidishwa maradufu. Kwa watu wa kawaida jambo hili lilianza kuonekana baada ya Julai 2019, AMD ilipotoa kadi za RX 5700 na prosesa za Ryzen 3000 zenye kizazi cha 4, na likaenea zaidi NVIDIA ilipofuata na RTX 30 mwaka 2020. Watu walibadilisha kadi, wakabaki na kebo ileile, wakakutana na skrini nyeusi.

Skrini nyeusi ndiyo dalili ya wazi. Inayosumbua ni kebo iliyo mpakani, inayofanikiwa kupanda hadi kizazi cha 4 lakini inakosea mara kwa mara. Kila furushi la data hubeba namba ya uhakiki. Likifika limeharibika, mpokeaji hulikataa na kuomba litumwe tena. Kwa hiyo huoni picha iliyochafuka. Unachoona ni gemu kukwama kwa nukta chache bila sababu, na siku nyingine draiva kuanguka. Katika Event Viewer ya Windows hukuta maonyo ya WHEA-Logger yenye namba 17, yakirundikana kila gemu linapoendeshwa. Ukiyaona hayo baada ya kufunga raiza, mshuku wa kwanza ni kebo.

Kujua kadi imepanda ngazi ipi, fungua GPU-Z utazame mstari wa Bus Interface. Maandishi kama `PCIe x16 4.0 @ x16 1.1` huwashtua wengi bure: kadi isiyo na kazi hujishusha yenyewe ili kuokoa umeme. Bonyeza alama ya kuuliza iliyo pembeni, anzisha jaribio, na 1.1 itapanda hadi 4.0. Wenye kadi za NVIDIA wanaweza pia kuandika amri hii gemu likiwa linaendelea:

```
nvidia-smi --query-gpu=pcie.link.gen.current,pcie.link.width.current --format=csv
```

Namba ya kwanza ni kizazi, ya pili ni idadi ya njia. Kadi ya njia 16 ikionyesha 8, chomoa kebo na uichomeke upya, maana huenda kichwa hakijaingia sawasawa. Angalia pia kitabu cha ubao mama, kwani baadhi hugawa njia hizo sloti nyingine ikitumika.

Kama kebo yako ni ya kizazi cha 3, tiba haina gharama. Kadi ikiwa bado imelala kwenye sloti yake na picha inaonekana, ingia BIOS, tafuta kasi ya sloti ya PCIe, na uitoe kwenye Auto uiweke Gen3. Baada ya hapo ndipo usimamishe kadi. Ukigeuza mpangilio huu utabaki na skrini nyeusi, na kama prosesa yako haina grafiki yake ya ndani, itabidi ufungue kila kitu ili urudi mwanzo.

Unachopoteza ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Njia 16 za kizazi cha 3 hupitisha karibu gigabaiti 16 kwa sekunde, nusu ya kizazi cha 4, lakini katika gemu nyingi tofauti ni asilimia chache tu, kwa sababu picha na maumbo vinavyohitajika vimekwishapakiwa kwenye kumbukumbu ya kadi. Wa kuwa na wasiwasi ni mwenye kadi yenye njia pungufu, kama RTX 4060 yenye njia 8 au RX 6500 XT yenye njia 4. Kadi hizo zikishushwa hadi kizazi cha 3, na kumbukumbu yao ndogo ikajaa, data hulazimika kupita kila mara kwenye kijia chembamba na gemu huanza kukatikakatika. Huyo anunue kebo iliyotengenezwa kwa kizazi cha 4.

Raiza hubeba umeme pia, hadi wati 75 kutoka kwenye sloti. Kasha la NZXT H1 lililokuja na raiza yake lilitolewa mwito wa urejeshaji Februari 2021, uliotangazwa na mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani, baada ya kugundulika kwamba skrubu zilizoshika kibao cha raiza zingeweza kuleta shoti na kuwasha moto. Kwa hiyo kebo iliyochubuka, iliyokunjwa kwa pembe kali au kubanwa na skrubu haifai kuzibwa kwa utepe. Itupe.

Mtego wa mwisho hujitokeza miezi kadhaa baadaye. Mtu amesasisha BIOS, au amebadilisha betri ndogo ya ubao mama, na asubuhi kompyuta inawaka bila picha. Kadi haijafa. Mipangilio imerudi Auto, na kebo ya kizazi cha 3 inaombwa tena kasi isiyoimudu. Chomeka skrini kwenye grafiki ya prosesa kama ipo, au ilaze kadi kwenye sloti yake kwa dakika chache, uiandike Gen3 upya.