Dakika 20 za Maji

Saa kumi na moja alfajiri, uani kwenye nyumba ya kupanga jijini Dar es Salaam, mafuta yameshapata moto kwenye karai. Mama muuza maandazi, ambaye hapa anasimama kwa niaba ya wengi wanaofanya kazi hiyo, anadondosha donge kutoka juu kidogo kuliko kawaida yake. Mafuta yanaruka na kumwagika mgongoni mwa mkono wa kulia, kuanzia kifundo hadi vidole vya kati. Jirani anatoka mbio na dawa ya meno.

Jirani ana nia njema, lakini anachohitaji mama huyo wakati huo ni maji.

Maji yanayochemka hufikia nyuzi 100 za Selsiasi. Mafuta ya kukaangia huwa karibu na nyuzi 180, tena ni mazito, kwa hiyo hung'ang'ania ngozi wakati maji ya chai yameshachuruzika. Ngozi ya mtu mzima haihitaji hata joto la kiasi hicho ili iharibike: maji ya nyuzi 70 huiunguza kwa takriban sekunde moja. Kutoa mkono haraka ni lazima, ila hakutoshi, kwa sababu joto lililokwisha kuingia hubaki ndani na kuendelea kuivisha nyama kutoka tabaka moja hadi jingine.

Mwaka 1953 daktari mpasuaji Mwingereza, Douglas Jackson, alilieleza jeraha la moto kwa namna ambayo madaktari wanaitumia mpaka leo. Katikati kuna sehemu iliyokwisha kufa, na hiyo hairudi. Pembezoni kuna sehemu iliyoiva wekundu tu, nayo itapona yenyewe. Kati ya hizo mbili upo ukanda ulio nusu hai nusu mfu, ambao mishipa yake midogo ya damu inasuasua. Ukanda huo unaweza kuokoka au kufa ndani ya siku mbili tatu zinazofuata, na huduma ya kwanza yote ni ya kuupigania huo.

Ndiyo maana miongozo ya wataalamu wa majeraha ya moto wa Uingereza na Australia inataja dakika 20 kamili za maji yanayotiririka. Watu wengi huweka mkono bombani kwa dakika mbili, maumivu yakipungua wanaondoka. Maumivu yakirudi baada ya kutoa mkono majini, hiyo ni sababu ya kuurudisha. Na aliyechelewa asikate tamaa, kwani maji bado yana faida mpaka saa tatu tangu kuungua.

Kwa mama wa maandazi, hatua ya kwanza ni kusogea mbali na karai. Mkono unaodondosha maji juu ya mafuta ya moto utayarusha upya, safari hii pengine usoni. Mtu mwingine auzime moto. Kisha pete, bangili na saa zivuliwe mara moja, hata kabla maumivu hayajatulia, maana kidole huvimba upesi na pete ikishabana hukata damu. Mkono wa nguo uliolowa mafuta nao uvuliwe. Ukiwa umegandia kwenye ngozi, uachwe hapo hapo na kitambaa kikatwe kuuzunguka.

Kwa bahati mbaya bomba la uani halitoi maji asubuhi hiyo. Ipo ndoo ya lita 20, nayo inatosha. Anayemsaidia akichota kwa kikombe cha nusu lita na kumimina taratibu, vikombe viwili kila dakika, ndoo hiyo itakwenda dakika 20 bila pungufu. Beseni likitegwa chini, maji yaliyodondoka yanaweza kumiminwa tena ikiwa bado ni ya baridi na masafi. Maji ya mtungi ni mazuri zaidi, kwa kuwa udongo wake huyapoza, lakini hata maji ya bomba ya pwani, ambayo wakati wa joto huwa vuguvugu, yana ubaridi wa kutosha kulitoa joto kwenye ngozi iliyoungua.

Barafu haifai. Hubana mishipa ya damu, na ule ukanda wa Jackson unaosuasua hukosa hata damu kidogo iliyokuwa ikiufikia. Dawa ya meno nayo hudanganya: mtu husikia ubaridi kwa sababu ya ile ladha ya mnanaa, huku joto limefunikwa ndani. Unga, ute wa yai, majivu na samli vina kasoro hiyo hiyo, na vingine huleta vijidudu. Isitoshe, zahanati itabidi muuguzi asugue uchafu huo ili aone jeraha, na kusuguliwa huko kunauma sana. Kama vimeshapakwa, vioshwe kwa maji yale yale na hesabu ya dakika ianze upya.

Baada ya hapo mkono ufunikwe kwa nailoni safi ya kufungia chakula, ilazwe juu bila kukazwa, au kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi. Pamba haifai, kwani hunata kwenye kidonda. Malengelenge yasitumbuliwe. Mtu mzima asiyekatazwa dawa hiyo anaweza kumeza vidonge viwili vya parasetamoli vya miligramu 500, na mkono ukae juu ya usawa wa moyo ili uvimbe upungue.

Je, aende hospitali? Kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake ni takriban asilimia 1 ya ngozi ya mwili, kwa hiyo jeraha la mgongo wa mkono linaonekana dogo kwenye hesabu. Lakini mkono hauhesabiwi hivyo. Ngozi ya mgongo wake ni nyembamba, na chini yake kuna kano zinazonyanyua vidole. Wekundu mdogo unaouma bila lengelenge unaweza kutunzwa nyumbani. Kukiwa na malengelenge mkononi, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hasa jeraha likipita kwenye viungo vya vidole au likikizunguka kidole chote. Mtoto mdogo na mwenye kisukari wasisubiri hata kidogo.

Dalili inayowapotosha wengi ni kutokuuma. Sehemu nyeupe, kavu, ngumu kama ngozi ya kiatu na isiyosikia kuguswa imeungua mpaka mishipa ya fahamu. Hiyo ni ya haraka kuliko ile inayomliza mgonjwa.

Kituoni, mama wa maandazi anaulizwa lini alichomwa sindano ya pepopunda mara ya mwisho. Muuguzi anamfunga kila kidole peke yake, kwa sababu vidole viwili vilivyo na vidonda vikifungwa pamoja vinaweza kushikana wakati wa kupona. Anaambiwa avikunje na kuvikunjua mara kadhaa kwa siku hata kama vinauma, maana kovu hujikunyata, na kidole kilichokaa wiki kadhaa bila kusogezwa kinaweza kubaki kimepinda.

Anatakiwa kurudi baada ya siku mbili, wakati ule ukanda wa katikati utakuwa umeshaonyesha umeelekea wapi. Akipata homa, usaha, harufu, au wekundu unaopanda kuelekea kiwiko, asingoje siku hiyo. Na kidonda ambacho baada ya wiki mbili bado hakionyeshi kufunga kinahitaji kuonwa na daktari mpasuaji, ambaye huenda akashauri kubandika ngozi kutoka pajani.

Karai, wakati huo, linasimamiwa na binti yake, ambaye anayatelezesha madonge kutoka ukingoni.